Mnunuzi Anauliza Namba, Sisi Tunamjibu "Karibu"

Wengi wetu katika mashamba ya chai na viwandani hatuishi kwa mshahara peke yake. Nyumbani kuna biashara ndogo ya kusukuma mwezi, na siku hizi biashara hiyo hupita katika simu. Mtu hupiga picha ya kitu, huandika maneno chini yake, kisha hutuma katika WhatsApp kwa watu anaowajua na wasiomjua. Maneno hayo ya chini ya picha ndiyo tunayotaka kuyasema leo, na hasa mstari wake wa kwanza.

Maoni yetu ni haya: mstari wa kwanza si mahali pa salamu wala pa sifa. Ni mahali pa jibu. Kila bidhaa ina swali moja ambalo wanunuzi wengi huliuliza kabla ya mengine yote, na maelezo yoyote yasiyojibu swali hilo katika maneno yake ya kwanza humpotezea muuzaji wateja na nauli.

Tuchukue mfano wa viatu vya mitumba, au mivumba kama Waganda wanavyosema, kwa kuwa kikundi kimoja cha akiba cha wake wa wachumaji chai huku magharibi mwa Uganda kinaifanya kazi hiyo na sisi tumekaa nao kuitazama. Hununua jozi kumi na tano au ishirini katika soko la Owino, Kampala, huzisafisha na kuzipaka rangi, kisha huziuza kwa walimu, makarani na wauza maduka wa miji ya karibu. Jozi husafirishwa kwa basi. Ikimkaa mtu vibaya, hurudi kwa basi lile lile, na nauli ya kwenda na kurudi ni ya kikundi. Jozi ikiuzwa shilingi 35,000 na nauli ya kila safari ikiwa 5,000, jozi iliyorudi mara moja imekwisha kula faida yake.

Haya ndiyo maneno waliyokuwa wakiyaandika chini ya picha ya jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi:

"Karibuni sana wateja wetu wapendwa. Kwa neema ya Mungu tumeleta viatu vikali vya Ulaya, ngozi halisi, imara na vya kuvutia, bei ya kirafiki. Wahi kabla havijaisha! Namba 8."

Lugha hiyo ni ya adabu na haina uongo. Lakini simu haimwonyeshi mnunuzi maneno yote. Katika orodha ya mazungumzo huonekana mwanzo wa ujumbe tu, na ujumbe mrefu hukunjwa mpaka mtu aguse ili kuufungua. Kwa hiyo alichoona mwalimu wa Fort Portal ni "Karibuni sana wateja wetu wapendwa". Alichotaka kujua ni kama kiatu kitamwenea. Namba ilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya sifa.

Tuliwaomba akina mama hao wachukue daftari la shule na kwa majuma mawili waandike jambo moja tu: swali la kwanza la kila aliyepiga simu au kutuma ujumbe. Si la pili wala la tatu. Hakuna haja ya kukisia mnunuzi anataka nini wakati yeye mwenyewe anakuambia kila siku. Daftari lilipofunguliwa, swali lililojaa kurasa lilikuwa "namba ngapi?" Wengine waliandika "ni 41?", wengine "ina 43?", lakini ni swali lile lile. Bei ilifuata kwa mbali, kwa sababu WhatsApp ya biashara ina nafasi yake ya bei na watu walikuwa wanaiona. Hili lina mafundisho yake. Kama bei imekwisha kuonekana pengine, usiirudie katika mstari wa kwanza, ukalifukuza jibu linalotafutwa.

Hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu, maana "Namba 8" si jibu. Watu wengi hudhani namba ya kiatu ni kama kilo, kwamba ni moja dunia nzima. Sivyo. Namba za Waingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, kipimo cha kale cha punje ya shayiri. Namba za bara la Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimeta. Wamarekani walichukua hesabu ya Waingereza wakaanzia mahali pengine. Kiatu cha mwanamume cha 8 ya Kiingereza ni karibu 9 ya Kimarekani na karibu 42 ya Ulaya. Kisha Wamarekani wana hesabu nyingine kwa viatu vya wanawake: 9 ya mwanamke wa Kimarekani ni karibu 7 tu ya Kiingereza. Basi ukiandika "namba 9" peke yake umetaja viatu vitatu vya urefu tofauti, na mnunuzi atachagua kile anachokifahamu. Huku kwetu wengi hufahamu namba za Ulaya, 40, 41, 42, kwa sababu ndizo zilizopigwa katika viatu vingi vipya madukani.

Tazama ndani ya ulimi wa kiatu au chini ya soli. Mara nyingi utakuta herufi UK, US na EU, kila moja na namba yake. Ukizikuta zote, andika ile ya EU kwanza na nyingine baadaye. Ukikuta namba bila herufi, au maandishi yamefutika, usikisie. Pima. Toa kitambaa cha ndani cha kukanyagia kama kinatoka, ukipime kwa rula kutoka kisigino hadi ncha ya vidole. Kama kimegandishwa, kata kipande chembamba cha karatasi ngumu, kisukume mpaka kiguse mbele, kiwekee alama kisiginoni, kisha kitoe na kukipima. Utapata urefu wa ndani kwa sentimeta, na sentimeta haina Mwingereza wala Mmarekani.

Mnunuzi naye apime mguu wake. Asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, atie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha apime kutoka ukutani hadi alama. Apime miguu yote miwili na kushika ule mrefu. Yafaa apime jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa, jambo ambalo mchumaji chai yeyote analijua. Urefu wa ndani wa kiatu cha kufunga uuzidi mguu kwa kama sentimeta moja.

Baada ya hayo maneno ya jozi ile yaliandikwa upya namna hii:

"Namba 42 (UK 8), ya mwanamume, urefu wa ndani sm 27.5. Jozi moja tu.
Ngozi nyeusi, ya kamba. Mtumba. Kisigino cha kulia kimelika kidogo upande wa nje, tazama picha ya tatu. Hutumwa kwa basi Jumanne na Ijumaa. Karibuni."

Mtu mwenye mguu wa 39 hupita bila kupiga simu, na hilo ni faida pia, maana simu yake ilikuwa inamla mama muda wa kupalilia. Mwenye 42 husoma mstari wa pili. Na "karibuni" haikufa, imehamia mwisho.

Tunajua wako watakaosema kwamba desturi yetu ni kusalimiana kabla ya shughuli, na kwamba kuanza na namba ni ukavu. Sisi hatukubali. Mchumaji akipewa karatasi ya mzani, jicho lake hutafuta kilo. Kama karani angeandika juu yake "Pole na kazi, ndugu mpendwa" na kuzificha kilo chini kwa herufi ndogo, tungemshuku tawini siku hiyo hiyo. Salamu ni ya mtu kwa mtu. Akipiga simu, msalimie mpaka aridhike.

Maneno "namba zote zipo" nayo tunayapinga. Kwa viatu vipya vya dukani huenda ni kweli. Kwa mtumba haiwezekani, kila jozi iko peke yake, na anayeyasoma huagiza 41 akaambiwa haipo, kisha haamini tena lolote linalotoka kwenu. Ndiyo sababu ya "jozi moja tu" katika mstari wa kwanza. Vile vile jozi iliyouzwa ifutwe siku ile ile. Zikiachwa, utaona katika daftari kwamba swali la kwanza limegeuka, sasa ni "bado ipo?", na hapo hakuna mstari utakaokuokoa isipokuwa kusafisha orodha.

Ikiwa watu bado wanauliza namba ingawa umeiandika mwanzo, usiwalaumu kuwa hawasomi. Omba simu ya mtu mwingine, ndogo na ya zamani, uangalie tangazo lako linavyoonekana humo. Huenda jibu limekatwa katikati. Au picha ilitumwa kwingine na mtu mwingine bila maneno yake, jambo linalotokea kila siku. Dawa yake ni kuandika "42" kwa chaki juu ya kibao kidogo na kukiweka kando ya kiatu kabla ya kupiga picha.

Viatu vya shule vya watoto vina tabu yao. Hapo mzazi haulizi namba, anauliza "ni vya mtoto wa miaka mingapi?" Swali ni la kweli lakini halina jibu la kweli, kwa sababu watoto wa miaka tisa hawana mguu mmoja. Tena namba za Kiingereza za watoto hufika 13 kisha huanza upya kwenye 1, hata "namba 2" yaweza kuwa ya mtoto anayejifunza kutembea au ya mwanafunzi wa darasa la nne. Kwa viatu hivi tunashauri mstari wa kwanza uanze na sentimeta na mara moja umwambie mzazi la kufanya: "Urefu wa ndani sm 22, humfaa mtoto mwenye mguu wa sm 21. Mpime kwa kijiti." Kijiti kile kile mzazi aende nacho hata sokoni, akisukume ndani ya kiatu chochote na kuona nafasi iliyobaki mbele.