Awamu za Benki na Duka Lisilouza kama Ilivyokadiriwa

Kina mama wengi wa pwani yetu wanaofungua maduka ya mabuibui na madera huanzia kwenye murabaha. Benki huinunua bidhaa, kisha humuuzia mwenye duka kwa bei iliyotiwa faida inayojulikana, naye hulipa kwa awamu. Juma hili twataka kulizungumza jambo ambalo watu huulizana kwa kunong'ona: afanyeje mwenye deni la namna hii iwapo mauzo yamekuwa chini ya makadirio, na awamu bado ni nyingi mbele yake?

Tuchukue mfano wa dada mwenye duka mjini Mombasa. Mara baada ya Idd-ul-Fitr benki ilimnunulia bidhaa za shilingi 300,000 ikamuuzia kwa 348,000, alipe 29,000 kila mwezi kwa miezi 12. Alikadiria kuuza bidhaa za 160,000 kwa mwezi. Katika kila shilingi 100 anayouza, 60 hurudi kununua bidhaa nyingine, na 40 ndizo zake. Basi alitarajia 64,000, atoe 22,000 za kodi ya duka, msaidizi na umeme, abaki na 42,000. Awamu ingelipika na nyumbani pakapatikana kitu.

Kosa la hesabu hii lilikuwa mahali pamoja tu: makadirio yalichanganya mauzo ya Shaaban na Ramadhani na ya miezi mingine, yakagawanywa sawasawa. Miezi ya kawaida ilipoingia, duka liliuza 110,000. Sehemu yake ikawa 44,000, na baada ya gharama zikabaki 22,000, ilhali awamu ni 29,000. Upungufu ni 7,000 kila mwezi, kabla hajachukua hata senti ya matumizi yake.

Hapa ndipo madhara huanza kimyakimya. Dada wetu alilipa awamu nne bila kuchelewa hata siku moja, na benki ikamwona mteja mwema. Lakini zile 7,000 zilitoka katika fedha za kununulia bidhaa. Anayetaka kujua kama na yeye yumo katika hali hii asitazame risiti za benki, bali atazame rafu zake: je, saizi zinazotakiwa sana zipo? Rafu zikipwaya huku awamu zikilipwa, ni mtaji unaoliwa, na mwezi ujao mauzo yatapungua zaidi. Wakati wa kwenda benki ni huo, kabla ya tarehe yoyote kupita. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, deni lililopitiliza siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa deni bovu, na jina la mdaiwa huweza kupelekwa katika ofisi za rekodi za wakopaji. Anayekuja siku ya 80 huja kuombewa huruma. Anayekuja mapema huja kuzungumza.

Aende na nini? Daftari la mauzo la miezi hiyo minne, daftari la mwaka uliopita, taarifa ya M-Pesa ya duka, na barua ya ukurasa mmoja. Katika Surat al-Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Lakini Mtume (s.a.w.) pia amemkemea mwenye uwezo anayechelewesha haki ya mwenzake, na kwa hiyo benki ina haki ya kutaka kuona kwamba dhiki ni ya kweli. Daftari ndilo litakalosema.

Barua isiseme tu "naomba mnifikirie". Ipendekeze kiasi. Deni lililobaki ni 232,000. Daftari la mwaka uliopita laonyesha kwamba Shaaban na Ramadhani duka liliuza 220,000 kwa kila mwezi, maradufu ya sasa. Basi dada wetu aliomba alipe 14,000 kwa miezi 12 ya kawaida, jumla 168,000, na 32,000 katika kila mmoja wa miezi miwili ya msimu, yaani 64,000. Zikijumlishwa ni 232,000 kamili, kwa miezi 14 badala ya minane iliyosalia. Miezi ya kawaida atabakiwa na 8,000. Si nyingi, ila fedha za bidhaa hazitaguswa. Afisa wa mikopo hukubali kwa wepesi ratiba inayofuata msimu wa biashara kuliko ombi la kupunguziwa tu, kwa sababu ratiba hiyo yamwonyesha fedha zitatoka wapi na lini.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Katika mkopo wa riba, kuongeza miezi ni kuongeza gharama, maana riba huendelea kuhesabiwa juu ya salio. Katika murabaha bei ilishafungwa siku ya mauziano. Miezi ikiwa minane au 14, deni ni lile lile 232,000, na kuongeza bei kwa ajili ya muda ni riba yenyewe. Viwango vya AAOIFI, ambavyo benki nyingi za Kiislamu huvifuata, vyakataza jambo hilo waziwazi. Gharama halisi ya kuandika upya karatasi yaweza kulipwa. Faida ya kungojea hailipwi. Ikiwa mkataba una tozo la kuchelewa, fedha hizo hupelekwa katika mambo ya kheri, haziwi pato la benki.

Hata hivyo kuna mlango wa nyuma. Mteja huambiwa: "Tufanye murabaha mpya, ufunge ule wa zamani." Atauziwa bidhaa kwa deni la 270,000, bidhaa ziuzwe papo hapo, na fedha zilipe zile 232,000. Karatasi zitasema ni biashara mpya, lakini kilichotokea ni kwamba deni limekua kwa 38,000 kwa sababu ya kupewa muda. Wanazuoni wengi wamelikataza jambo hili, wakiliita kuligeuza deni. Dada akipendekezewa hivyo aombe, kwa adabu na kwa maandishi, swali lake lifikishwe kwa bodi ya Sharia ya benki hiyo. Mara nyingi pendekezo huwa la afisa wa tawi tu, anayetaka kitabu chake kionekane safi.

Afisa akijibu, "Haya mama, lipa utakachopata," bado hapajakubaliwa kitu. Katika mitambo ya benki awamu ingali 29,000, na kila anayelipa 14,000 anaandikiwa malimbikizo ya 15,000. Makubaliano ni barua ya benki yenye ratiba mpya, tarehe zake na jumla ya deni, iliyotiwa saini na pande zote mbili. Mdhamini naye, awe mume, kaka au jirani, aelezwe na atie saini, kwa kuwa alidhamini miezi 12 na sasa anatakiwa asimame kwa 18. Wapo wanaomficha mdhamini kwa kuona haya, naye akaja kuyajua kwa simu ya benki. Haya hiyo huwa kubwa zaidi.

Ikifika tarehe ya awamu ya kwanza ya ratiba mpya, achukue taarifa ya akaunti siku inayofuata. Yapaswa kuonyesha kwamba zimekatwa 14,000, si 29,000, na kwamba salio la deni ni 218,000. Ikiwa agizo la zamani la kukata fedha bado lafanya kazi, arudi tawini siku hiyo hiyo na nakala ya barua yake mkononi.