Mkate mzito? Pima joto kabla ya kulaumu hamira

Ukiukata mkate ukaona ndani umeshikana kama ugali wa jana, bila shaka utamlaumu aliyekuuzia hamira. Ndivyo alivyofanya jirani yangu mwenye bekari ndogo katika mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi. Mikate yake ya Februari ilikuwa myepesi, ikimalizika kabla ya saa mbili asubuhi. Ilipofika Julai, wateja wakaanza kuirudisha. Alibadilisha unga, akabadilisha hamira, na bado mkate ulikuwa mzito. Alikuwa karibu kumfuta kazi kijana wake wa kukanda.

Kipimo chake hakikuwa na kasoro: unga kilo 10, maji lita 6, hamira kavu gramu 100, chumvi gramu 180, na sukari na mafuta kidogo. Kinyunga kiliachwa saa moja kiumuke, kisha kikakatwa na kutiwa katika mikebe kwa dakika 45, halafu kikaingia tanurini. Mambo haya yote yalikuwa yale yale ya Februari. Kilichobadilika ni joto, na hakuna aliyekuwa amelipima.

Hamira ni kitu chenye uhai. Hula sukari iliyomo ndani ya unga na kutoa hewa inayokivimbisha kinyunga. Hufanya kazi vyema kinyunga kikiwa na joto la digrii 26 hivi. Likishuka kwa digrii nane au tisa, kasi yake hupungua kwa karibu nusu. Hamira haitazami saa iliyo ukutani.

Tulinunua kipimajoto tukafanya hesabu ambayo waokaji wengi huitumia. Chukua 26, zidisha kwa tatu, upate 78. Kutoka hapo toa joto la chumba, joto la unga, na joto linaloletwa na kukanda kwenyewe, ambalo kwa mashine yake ni digrii 6. Kinachobaki ndicho joto la maji. Februari chumba kilikuwa 26 na unga 25, kwa hivyo maji yalifaa yawe 21. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoka mferejini, naye akapata mkate mzuri bila kujua sababu.

Julai chumba kilikuwa 16, unga 15, na maji ya mfereji 17. Tulipokichoma kinyunga kwa kipimajoto baada ya kukanda, kilisoma 18. Kinyunga hicho kilihitaji karibu saa mbili, naye alikipa moja. Hesabu ilisema maji yawe digrii 41. Siku ya pili aliyapasha moto, akayapima, na kinyunga kikatoka 26. Baada ya saa moja kilikuwa kimeumuka mara mbili, na mkate ukawa mwepesi kwa hamira ile ile aliyoilaumu.

Lakini usiyachemshe maji, msomaji wangu. Yakikaribia digrii 60 yataiua hamira, na mkate hautainuka kamwe. Na ndugu yetu wa Mombasa ana shida iliyo kinyume: chumba kikiwa 30 na unga 29, mashine kama hiyo itamdai maji ya digrii 13, yaani ya friji au yenye barafu. Asipofanya hivyo, kinyunga kitaumuka kupita kiasi, kianze kunuka pombe, na mkate utabonyea kichwani.

Wewe unayeokea nyumbani bila kipimajoto, tumia kidole. Kipake unga, ubonyeze kinyunga kilicho mkebeni kiasi cha nusu inchi. Shimo likirudi mara moja, bado, ngoja. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, tia tanurini. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Na mkate wenyewe husema. Ukipasuka ubavuni, ukawa umeshikana chini na kuwa na matundu makubwa machache juu, haukupewa muda wa kutosha. Lakini kama kinyunga kilikuwa na joto la kutosha na bado hakikuinuka, hapo sasa ishuku hamira. Koroga kijiko kimoja cha hamira na sukari kidogo katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Isipotoa povu kwa dakika 10, itupe.

Jirani yangu sasa ameandika hesabu ile kwa chaki ukutani, kando ya saa. Kijana wa kukanda ndiye anayeifanya kila alfajiri, kabla ya kufungua gunia la kwanza.