Umejitoa, mbona bado wanakukata?

Ndugu zangu wa ughaibuni, leo naomba tuweke siasa za nyumbani pembeni kidogo tuzungumzie pauni 32. Si fedha nyingi kwa mwenye nazo, lakini kwa mbeba maboksi wa zamu ya usiku ni karibu nusu ya ile anayotuma kwa mama yake kila mwezi.

Kijana mmoja wetu, mzaliwa wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala hapa Uingereza, alinijia mwezi Novemba mwaka 2025 akiwa amefura kwa hasira. "Kaka, hawa watu ni wezi. Nimejitoa jimu tangu Septemba, wamenikata Oktoba, na sasa wamenikata tena Novemba. Wewe ni mwandishi, waandike!" Nilimwambia alete simu yake na mkataba wake, tukae chini kwanza. Baada ya saa moja ya kusoma tuliona kuwa kijana alikuwa na haki, lakini nusu tu. Makato ya Oktoba yalikuwa halali. Ya Novemba yalikuwa dhuluma. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayowaponza wengi wetu, kwa hiyo naomba tuifuate hatua kwa hatua.

Mkataba wake ulikuwa wa mwezi hadi mwezi, usio na muda wa lazima. Ada ni pauni 32, inakatwa benki tarehe 1 ya kila mwezi, na ni malipo ya mbele: unacholipa tarehe 1 Septemba ni Septemba yenyewe, si Agosti. Anayetaka kujitoa anatakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Hapo wengi huishia kusoma. Lakini sentensi iliyofuata, kwa maandishi yaleyale madogo, ilisema kwamba mwezi huo wa notisi unaanza kuhesabiwa tarehe ya makato inayofuata, si siku uliyotuma barua.

Sasa hesabu. Kijana alituma barua pepe ya kujitoa Jumatano tarehe 3 Septemba. Yeye alihesabu kama binadamu yeyote: mwezi mmoja kutoka tarehe 3 Septemba ni tarehe 3 Oktoba, na Septemba nimeshalipa, basi nimemaliza. Jimu ikahesabu kwa mkataba: tarehe ya makato inayofuata ni 1 Oktoba, notisi inaanza hapo, inakwisha 31 Oktoba. Kwa hiyo ada ya Oktoba ni ya mwisho na inadaiwa. Angalikuwa ametuma barua ileile Jumapili tarehe 31 Agosti, notisi ingeanza 1 Septemba na Oktoba asingelipa senti. Siku 3 tu zilimgharimu pauni 32.

Mnaona basi kwamba neno "kujitoa" lina tarehe 3 ndani yake. Iko siku uliyoomba kujitoa, iko siku ya makato ya mwisho, na iko siku huduma inapokwisha. Sisi tunadhani ni siku moja. Kampuni inajua ni 3, na inakaa kimya. Barua pepe aliyojibiwa kijana ilisema tu "tumepokea ombi lako, tunasikitika kukupoteza". Haikutaja tarehe hata moja.

Hii ya Novemba ni kesi nyingine kabisa. Tarehe 1 Novemba ilikuwa Jumamosi, na makato ya aina hii hayapiti siku zisizo za kazi, kwa hiyo fedha zilitoka Jumatatu tarehe 3. Uanachama ulikuwa umekwisha 31 Oktoba. Hapakuwa na huduma wala deni. Jimu ilipompigia simu ikamweleza kuwa "faili lilikuwa limeshatumwa benki". Ni kweli kwamba makato hayo huchukua siku 3 za kazi: siku ya kwanza kampuni inapeleka maagizo, ya pili yanachakatwa, ya tatu fedha zinatoka. Lakini siku 3 si miezi 2. Walikuwa na barua yake tangu tarehe 3 Septemba.

Dawa ya hilo ipo, na ajabu ni kwamba wengi wetu tuliokaa hapa miaka hatuijui. Makato yanayopita benki kwa jina la Direct Debit, utayaona yameorodheshwa hivyo kwenye simu yako, yana dhamana. Kampuni au benki ikikosea kiasi au tarehe, benki yako mwenyewe inatakiwa ikurudishie fedha zote na papo hapo, kisha yenyewe ndiyo ikadaiane na kampuni. Huhitaji kubembeleza jimu. Kijana alipiga simu benki, akaeleza kuwa mkataba uliisha 31 Oktoba na barua ya kujitoa anayo, na pauni zake 32 zikarudi.

Hapo akachangamka. "Basi kaka, nidai na ile ya Oktoba!" Nikamwambia, la, mdogo wangu. Dhamana ile ni ya makosa ya malipo, si ya kugombania mkataba. Benki inaweza hata kukurudishia, lakini deni la Oktoba litabaki palepale, na jimu ina haki ya kukufuata.

Na hili ndilo kosa letu kubwa, ndugu wasomaji. Kwenye misiba, harusini na kwenye vinyozi tumekuwa tukipeana ushauri mmoja: "Wewe nenda benki ufute tu, watafanya nini?" Kufuta benki ni kufunga bomba, si kufunga mkataba. Ukifuta Direct Debit bila kuiandikia kampuni, kwao wewe bado ni mwanachama asiyelipa. Ada inaendelea kulimbikizwa, faini juu yake, kisha deni linauzwa kwa wakusanya madeni. Likisajiliwa kwenye rekodi yako ya mikopo linakaa miaka 6. Siku unataka mkopo wa gari au unapanga nyumba, pauni 32 za jimu zinakuibukia. Mpangilio sahihi ni huu: andika kwanza, ngoja makato ya mwisho halali yapite, halafu ndipo ufute benki, walau siku moja ya kazi kabla ya makato yasiyo halali. Kijana wetu alifanya la kwanza akasahau la tatu. Angefuta benki kati ya tarehe 2 na mwisho wa Oktoba, Novemba isingetoka.

Lakini msije mkadhani makato yote yako kwenye orodha ile. Ziko huduma ulizojiandikisha kwa kuandika namba ndefu za mbele ya kadi: filamu, muziki, magazeti ya mtandaoni. Hizo si Direct Debit. Huko umeipa kampuni ruhusa ya kudumu ya kuivuta kadi yako, na ukienda kwenye orodha ya benki huenda usiione kabisa. Wapo wanaoomba kadi mpya wakidhani wamepona, kumbe mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuipasha kampuni namba mpya, na mwezi ujao makato yanaendelea.

Ruhusa hiyo pia unaweza kuiondoa kwa kuiambia benki. Tangu kanuni za malipo zilipoanza kutumika Novemba 2009, mteja ana haki ya kwenda benki moja kwa moja na kusema "naiondoa ruhusa ya kampuni fulani", mradi afanye hivyo kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayotangulia makato. Kwa miaka kadhaa mabenki yalikuwa yakiwajibu watu "nenda kaongee na kampuni kwanza". Mwaka 2013 mamlaka ya udhibiti wa fedha ya hapa, FCA, iliyabana, na yakakubali kurudisha fedha zilizokatwa baada ya mteja kuondoa ruhusa. Kwa hiyo ukijibiwa hivyo leo, usiinuke kwenye kiti. Mwambie kwa adabu kuwa unaondoa ruhusa leo, taja saa, na uandike jina la aliyekuhudumia.

Nisijifanye mjanja, maana na mimi nimeliwa. Nilichukua gazeti moja kwa kipindi cha majaribio ya bure kupitia simu, nikaona halinifai, nikalifuta kwenye simu na kusahau. Kulifuta gazeti kwenye simu hakufuti usajili. Kwenye simu za Apple usajili uko mahali pake, ndani ya Settings, ukibonyeza jina lako kisha Subscriptions, na kipindi cha majaribio kinatakiwa kifutwe angalau saa 24 kabla hakijaisha. Mimi niliyeandika habari za watu kudhulumiwa nililipa miezi 4 ya gazeti nisilolisoma.

Sasa maoni yangu. Sisemi notisi ifutwe. Mwenye jimu naye analipa pango na mishahara, ana haki ya kujua mwezi ujao atakuwa na watu wangapi. Ninachokataa ni notisi inayohesabiwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida hawezi kuikisia. Mwezi mmoja maana yake mwezi mmoja. Ukijitoa tarehe 3 na notisi ikaisha tarehe 31 ya mwezi unaofuata, hizo ni siku 58, na kuziita mwezi ni kucheza na lugha. Wakitaka ziwe siku 58, waandike siku 58.

Bunge la hapa lilipitisha sheria ya masoko na walaji mwaka 2024, na ndani yake mna sehemu nzima ya usajili: kukumbushwa kabla ya makato, kurahisishiwa kujitoa. Sehemu nyingine za kuwalinda walaji zilianza Aprili 2025. Ile ya usajili haikuanza nazo. Wakubwa wa biashara waliomba muda, wakapewa. Mteja hakuna aliyemuuliza kama naye anahitaji muda wa kulipa.

Mimi ningeomba kitu kimoja tu, na hakihitaji kompyuta mpya. Mtu anapobonyeza kujitoa, skrini ileile imwambie: makato yako ya mwisho ni tarehe fulani, kiasi fulani, na huduma inaisha tarehe fulani. Mstari mmoja. Kampuni inajua tarehe ya kunikata hadi saa, haiwezi kuniambia kuwa haijui tarehe ya kuacha.

Mpaka siku hiyo, iulize mwenyewe kwa maandishi: "Makato yangu ya mwisho ni lini na ni kiasi gani?" Jibu lao lihifadhi. Kijana wa Bukavu sasa amejiunga na jimu nyingine, na safari hii alinionyesha kalenda ya simu yake. Ameweka alama tarehe 25 ya kila mwezi. Nikamuuliza ya nini. "Hiyo, kaka, ndiyo siku ya kuamua kama nakaa au naondoka."