Aliyetafuta mbu akaletewa mbuzi

Leo nataka kukiri kosa langu. Nilipokubali kuiwekea shule moja orodha ya vitabu vya maktaba yake mtandaoni, nilidhani kazi ngumu ni msimbo. Msimbo ulinichukua wikendi moja tu. Kilichonishinda ni mambo ambayo wakutubi wamekuwa wakiyajua kabla hata tarakilishi hazijazaliwa.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja chenye vitabu vipatavyo 600. Mwalimu anayeisimamia alikuwa na daftari kubwa lenye nambari, anwani ya kitabu na jina la mwandishi. Tulinakili daftari lote kwenye lahajedwali, kisha nikalimwaga ndani ya SQLite, ambayo ni hifadhidata ndogo isiyohitaji seva ya pekee:

```sql
CREATE VIRTUAL TABLE vitabu USING fts5(
  anwani, mwandishi, mada, muhtasari, rafu);
```

Safu za `mada` na `muhtasari` niliziacha tupu. Nilijiambia kwamba kitafutio kitafanya kazi yake, hayo mengine ni mapambo.

Siku ya kwanza msichana wa gredi ya 8 aliandika `mbu`. Hakuna jibu. Nikamwambia ngoja kidogo, nikaongeza nyota, `mbu*`, yaani kila neno linaloanza kwa herufi hizo. Kikaja kitabu cha ufugaji wa mbuzi na kingine cha mbuga za wanyama! Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakusema kitu. Alienda kwenye rafu akarudi na vitabu viwili: kimoja cha wadudu, kutoka 595, na kingine cha malaria, kutoka 616. Vyote viwili vilikuwa na anwani za Kiingereza.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mawili. La kwanza, kitafutio hulinganisha herufi, hakijui maana. Vitabu vingi vya sayansi katika shule zetu ni vya Kiingereza, lakini mtoto anafikiri "mbu". Tena Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni: mdudu, wadudu, ugonjwa, magonjwa. Nyota ya mwishoni haisaidii hapo, na kanuni ya `porter` inayokuja na SQLite hukata viambishi tamati vya Kiingereza tu. La pili, kitabu hukaa mahali pamoja. Mpango wa Dewey umeweka mbu upande wa wanyama na malaria upande wa tiba, na rafu haina njia ya kuwakutanisha. Kazi hiyo ni ya kichwa cha mada.

Kichwa cha mada ni jina moja mlilokubaliana kulitumia kila mara kwa jambo moja. Wapo watakaosema waacheni wanafunzi wabandike maneno wanayotaka. Mimi sikubaliani nao. Huyu ataandika "mdudu", yule "wadudu", wa tatu "insekta", na vitabu vya jambo moja vitatawanyika sehemu tatu. Sisi tulichagua "wadudu", tukayaweka majina mengine kwenye jedwali la kuelekeza:

```sql
CREATE TABLE tazama (neno TEXT PRIMARY KEY, mada TEXT);
INSERT INTO tazama VALUES
  ('mdudu', 'wadudu'),
  ('mosquito', 'mbu');
```

Kabla ya kutafuta, programu hupitia jedwali hili kwanza. Ikilikuta neno la mwanafunzi, hutafuta pia kichwa kilichokubaliwa. Mwanafunzi haoni lolote, anaona vitabu tu.

Kitabu cha malaria kilipata vichwa viwili, "malaria" na "mbu". Mbona tusikiongezee "afya", "maji" na "sayansi"? Kwa sababu kichwa kinachobeba nusu ya maktaba hakimsaidii mtu. Maktaba ya Bunge la Marekani huwa na kipimo kizuri: jambo lipewe kichwa iwapo linachukua angalau asilimia 20 ya kitabu. Sisi hatupimi kurasa kwa rula. Tunajiuliza tu, mtoto akikichukua kitabu hiki kwa sababu ya kichwa hicho, atahisi amedanganywa? Basi. Vichwa havizidi vitatu.

Sasa muhtasari. Mwanzoni tulinakili maneno ya jalada la nyuma, na hayo husifu kitabu bila kusema kina nini. Hakuna mtoto anayeandika "kusisimua" kwenye kitafutio. Kwa hiyo tukaandika wenyewe, sentensi mbili au tatu, kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Cha malaria kikawa hivi:

"Kitabu cha Kiingereza kinachoeleza jinsi mbu jike wa anofelesi anavyoeneza ugonjwa wa malaria, dalili zake, na kujikinga kwa chandarua. Kina mchoro wa maisha ya mdudu huyu tangu yai hadi anaporuka."

Hesabu maneno yanayoweza kutafutwa humo: mbu, ugonjwa, malaria, dalili, chandarua, mchoro, yai. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye anwani.

Riwaya ndizo zinazofaidika zaidi. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora. Anwani haikuambii kwamba ni hadithi ya kijana Kongowea, aliyekulia Tanga, anayefunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mwalimu akisema "leteni riwaya kuhusu mtoto na mzazi asiyemjua", muhtasari huo ndio utakaoileta. Lakini tusimalize hadithi humo. Tueleze mwendo, tufiche mwisho.

Najua kuna atakayeniuliza mbona sikutumia Koha. Ni programu huria nzuri, iliyozaliwa New Zealand, na ilianza kazi katika maktaba za Horowhenua Januari 2000. Mambo haya haya yamo humo: vichwa viko sehemu ya 650, muhtasari 520. Majina ya kuelekeza huwekwa kwenye rekodi za vichwa, sehemu ya 450, lakini washa `IncludeSeeFromInSearches` kisha ujenge faharasa upya, maana bila hivyo hayaingii katika utafutaji wa vitabu. Ila Koha haitakuandikia muhtasari wala kukuchagulia "wadudu". Huo ni mkono wa mtu, na kila kitabu kilitula kama dakika kumi. Vitabu 600 ni saa 100. Kama huna muda huo, anza na vile visivyo vya hadithi ambavyo anwani zake ni za Kiingereza.

Jambo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kila utafutaji usioleta kitu tunauhifadhi: neno na tarehe, bila jina la mtoto. Ijumaa Mwalimu huipitia orodha hiyo. Juzi aliona `ngombe` mara nne. SQLite hulikata "ng'ombe" kwenye kiapostrofi likawa "ng" na "ombe", kwa hiyo anayeandika bila alama hiyo hapati kitu. Tuliongeza mstari mmoja kwenye `tazama`, yakaisha.

Kipimo chake ni rahisi. Mwalimu husoma neno, kisha huenda kwenye rafu. Akirudi na kitabu mkononi, kosa ni la orodha yetu, tunalirekebisha siku hiyo hiyo. Akirudi mikono mitupu, neno hilo linaingia kwenye karatasi ya vitabu vya kununua. Yule msichana wa mbu, kwa njia, ameshaazima vyote viwili.