Faji: virusi vinavyoua bakteria sugu, lakini Mikindani tuvisubiri vipi?

Chukulia mvuvi wa Mikindani amechomwa mguuni na mwiba wa taa. Anapita duka la dawa muhimu, ananunua amoksilini, anameza nusu ya dozi, maumivu yakipungua anaacha. Wiki mbili baadaye kidonda kinatoa usaha. Anachomwa sindano za seftriaksoni, nazo hazisaidii.

Huyo mvuvi ni wa mfano, ila tatizo lenyewe si la kubuni. Madaktari waliowafuatilia watoto wenye maambukizi ya damu Muhimbili mwaka 2001 na 2002 waliona kwamba kwa wale waliokuwa na bakteria wenye uwezo wa kuvunja dawa za kundi la seftriaksoni, watoto 7 kati ya 10 walifariki. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Sasa mitandaoni kuna habari ya tiba ya faji, yaani virusi vinavyokula bakteria. Wengine wanaiita mwisho wa usugu. Je, ni kweli?

Kokoro na mshipi

Faji ni kirusi kisichoweza kumwambukiza binadamu. Chakula chake ni bakteria tu. Kinajishika kwenye ngozi ya nje ya bakteria, kinaingiza vinasaba vyake ndani, na kumgeuza huyo bakteria kuwa kiwanda. Mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja bakteria anapasuka, zinatoka faji mpya makumi au hata mamia, kila moja inatafuta bakteria mwingine.

Tofauti na antibayotiki ni hii: antibayotiki ni kama kokoro, inazoa kila kitu, hadi bakteria wazuri wa tumboni. Ndiyo maana ukimeza dawa kali unaharisha. Faji ni mshipi wenye chambo cha samaki mmoja. Inamgusa bakteria yule tu inayemtambua, na wengine inawaacha. Pia usugu wa dawa hauisumbui, kwa sababu njia yake ya kuua ni nyingine kabisa.

Lakini faida hiyo hiyo ndiyo shida yake. Faji inayoua bakteria wa kidonda cha mvuvi wetu inaweza isimguse bakteria wa aina hiyo hiyo aliyeko kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Kila mgonjwa anahitaji faji inayomfaa.

Kisa kilichoanzia Misri

Kisa kinachoeleza vizuri jambo hili kilianzia Afrika. Novemba 2015, Tom Patterson, profesa Mmarekani mwenye miaka 68, aliugua ghafla akiwa likizo Misri. Alikuwa na kongosho lililovimba, na ndani ya tumbo lake kulikuwa na uvimbe wenye majimaji yaliyojaa bakteria anayeitwa Asinetobakta. Alisafirishwa Ujerumani, kisha San Diego. Bakteria akawa sugu kwa kila dawa iliyokuwepo, na mgonjwa akapoteza fahamu.

Mke wake, Steffanie Strathdee, ni mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Yeye na daktari Robert Schooley waliomba msaada wa maabara za Texas na za jeshi la wanamaji la Marekani. Kazi ilianza na bakteria wa Patterson mwenyewe. Unamwotesha kwenye sahani ya maabara hadi afunike sahani kama ukungu. Unachukua maji machafu, unayachuja kwa chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti ila virusi vinapita, kisha unayachanganya na bakteria wa mgonjwa. Kesho yake ukiona vidoa vyeupe visivyo na ukungu, hapo kuna faji imewaua.

Kwa nini maji machafu? Kwa sababu palipo na bakteria wengi ndipo walipo wawindaji wao.

Zikapatikana faji kadhaa. Zikasafishwa ili kuondoa mabaki ya bakteria waliokufa, maana yakiingia kwenye damu yanaweza kumuua mgonjwa. Machi 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa kibali cha dharura. Kwanza zilipitishwa kwenye mirija ya tumboni, siku mbili baadaye kwenye mshipa wa damu. Ndani ya siku chache Patterson alizinduka.

Halafu ikatokea kitu ambacho habari nyingi hazikitaji: bakteria wakawa sugu kwa faji zenyewe. Maabara ikalazimika kurudi kwenye maji machafu kutafuta faji mpya, na antibayotiki iitwayo minosaiklini nayo ilitumika, na vipimo vya maabara vilionyesha kwamba inasaidiana na faji. Patterson aliruhusiwa kurudi nyumbani Agosti 2016.

Kwa hiyo usugu haujafutwa. Tofauti ni kwamba bakteria akibadilika, unaweza kutafuta mwindaji mwingine kwa siku au wiki, wakati antibiotiki mpya huchukua miaka. Na mgonjwa mmoja aliyepewa dawa nyingi kwa pamoja si ushahidi wa kutosha.

Pale ilipofeli

Ushahidi wa kutosha unatafutwa kwa majaribio, na mojawapo linatuhusu sana sisi wa pwani yenye joto. Linaitwa PhagoBurn. Wagonjwa wa majeraha ya moto Ufaransa na Ubelgiji walipakwa mchanganyiko wa faji 12, wengine wakapakwa krimu ya kawaida. Kwenye krimu bakteria walipungua kwa kiwango kilichokusudiwa baada ya saa 47 hivi. Kwenye faji ilichukua saa 144.

Sababu? Mpango ulikuwa kila mililita iwe na faji milioni 1. Baada ya kutengenezwa, mchanganyiko ulipoteza nguvu, na wagonjwa wakapata faji 10 hadi 100 tu kwa mililita. Kama dawa ilifia kwenye chupa Ulaya, fikiria safari ya boksi kutoka Dar hadi Mtwara kwenye joto letu.

Kwa hiyo Mikindani?

Afrika Mashariki haijakaa tu. Watafiti wa ILRI Nairobi wamefanyia kazi faji za kudhibiti salmonela kwenye kuku, na Makerere nao wapo kwenye utafiti wa faji. Maji machafu ya kutafutia faji hatujakosa.

Kinachokosekana ni hatua ya kwanza kabisa: kumjua bakteria. Faji haianzi bila usaha kupelekwa maabara na bakteria kuoteshwa, kipimo kinachochukua siku mbili tatu. Mgonjwa anayetibiwa kwa kubahatisha hawezi kutafutiwa faji yake, hata zingejaa friji nzima.

Na faji haitasaidia kila ugonjwa. Haigusi malaria wala mafua, kwa sababu hao si bakteria. Bakteria wanaojificha ndani ya seli za mwili, kama wa kifua kikuu, ni wagumu kufikiwa. Tena zipo faji za kuogopwa: sumu ya kipindupindu inatokana na vinasaba ambavyo bakteria alivipata kwa faji. Ndiyo maana kila faji lazima isomwe vinasaba vyake kabla ya kumgusa mtu. Usijaribu kuosha kidonda kwa maji ya mtaro ukidhani ni tiba.

Mvuvi wetu leo hatapata faji, ila kipimo anaweza kukiomba. Kidonda kikigoma baada ya dozi kamili, swali la kumuuliza daktari ni hili: usaha huu umeoteshwa? Jibu lake litamsaidia kuchagua antibayotiki sahihi sasa hivi, na siku faji zikifika, litakuwa ndilo la kwanza kuulizwa.