Bima unalipa wewe, analindwa nani?

Wapangaji wa maduka Malindi, Watamu na Kilifi, hebu someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Kuna kile kifungu cha "mpangaji atakata bima ya moto". Bima ya nini, kwa faida ya nani? Hakisemi, na hapo ndipo tunapoumizwa.

Tuseme una duka la nguo lililoezekwa makuti. Bidhaa ni za laki sita, jengo ni la milioni mbili. Umekata bima ya bidhaa, umetulia. Jioni unasahau pasi kwenye umeme, duka linateketea. Bima yako inalipa nguo zako basi. Mwenye jengo analipwa na kampuni yake, kisha kampuni hiyo inaweza kukugeukia wewe ikudai zile milioni mbili, kwa sababu uzembe ni wako.

Na kama moto haukutokana na uzembe wako? Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, haikulazimishi kurekebisha jengo, na cha 65 kinasimamisha kodi mpaka lifae tena. Lakini mkataba ukisema vingine, kinga hiyo yaweza kupotea.

Kwa hivyo dai iandikwe: utawajibika kwa moto wa uzembe wako pekee, na jina lako liingie kwenye bima ya jengo, ili kampuni isikugeukie. Akikataa, kata bima ya dhima yako juu ya jengo lake, na hiyo gharama muitoe kwenye kodi. Bima ya kumlinda yeye peke yake ailipe mwenyewe!