Indomie Haijakukosea, Wewe Ndio Umeipika Vibaya

Wacha niseme ukweli na mtu asikasirike. Sisi vijana wa Eastlands tunapika indomie kila wiki na bado wengi wetu hatujui kuipika. Halafu supu ikiwa chumvi tupu, tunalaumu pakiti.

Juzi nilikuwa kwa msee wangu Umoja. Alitupa kila kitu kwa sufuria mara moja: indomie, karoti, sukuma, yai, unga wote wa pakiti na Royco juu. Akafunika, akaenda kuoga. Kurudi, indomie imevimba kama minyoo, sukuma imekuwa rangi ya jeshi, yai limekuwa vipande vya mpira. Supu? Vijiko vitatu, vya kukunja uso.

Buda, chumvi haikuongezeka. Maji ndiyo yalipungua. Mengine yalitoka na mvuke, mengine yakanyonywa na indomie, lakini chumvi haitoki na mvuke. Inabaki hapo inakungoja. Na Royco ina chumvi yake pia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Wewe unakula za ugali na mandazi bado.

Nikamwambia alete pakiti ingine. Tukachemsha vikombe viwili vya maji, tukaweka karoti iliyokatwa nyembamba, dakika mbili. Karoti ni ngumu, ndio maana inatangulia. Kisha indomie pamoja na sukuma ya mama mboga, ile amekata nyembamba kama uzi. Indomie ilishaiviwa kiwandani na kukaangwa. Kazi yako ni kuilainisha tu. Baada ya dakika mbili inaachana ukiigusa na uma, lakini katikati bado ina ugumu kidogo. Hapo ndipo pazuri, kwa sababu itaendelea kuiva ndani ya supu hata moto ukizimwa.

Yai tulikuwa tumelipiga kwa kikombe. Punguza moto, limwage polepole ukizunguka sufuria, halafu usiguse. Hesabu mpaka kumi. Ukikoroga mapema, supu inakuwa maziwa. Koroga mara moja, zima, funika dakika moja ili yai lishike lote.

Unga unaingia mwisho, moto ukiwa umezimwa, na ni nusu tu. Onja. Haitoshi? Ongeza kidogo. Ukishazidisha, kuchemsha zaidi kutaharibu kabisa. Ongeza maji moto.

Najua kuna mtu atasema hiyo ni kazi mingi. Kazi gani? Jumla haifiki dakika nane. Yule msee alitumia kumi, akamwaga yai, mboga na gesi. Mwisho wa mwezi huo si uvivu, ni hasara. Oga kwanza, kisha upike.